Kukeneka Maji kwa Jua: Maji Safi, Lakini Kidogo



Jua linaweza kuyageuza maji ya chumvi yakawa maji baridi ya kunywa. Linaweza pia kuyageuza maji ya tope yakawa maji meupe kama ya mvua. Kazi hiyo haitaki kuni, mafuta ya taa wala umeme. Inataka sanduku jeusi lililofunikwa kwa kioo.

Huenda umesikia habari za sanduku hilo. Huenda fundi amekueleza kwamba ukiwa nalo hutahitaji tena kuchemsha maji. Kabla hujatoa fedha za kununua kioo, jiulize maswali mawili. Sanduku hili linafanyaje kazi? Na jioni litakupa maji kiasi gani? Leo tutajifunza majibu ya maswali hayo. Kisha tutaona kama sanduku hilo linamfaa mtu wa Kitulo, Njombe au Makambako.

KUKENEKA NI NINI?

Asubuhi ya baridi mwezi wa Juni, tazama upande wa ndani wa bati la jikoni kwako. Utaona matone ya maji yamening'inia. Hakuna mtu aliyeyamwaga huko juu. Usiku kucha mvuke kutoka kwenye sufuria na kutoka katika pumzi za watu umepanda juu. Ulipogusa bati lenye baridi ukageuka kuwa maji tena.

Kukeneka maji ni kufanya jambo hilo kwa makusudi. Tunayapasha maji moto ili yageuke mvuke. Mvuke huo tunaugusisha kitu cha baridi. Unageuka maji, nasi tunayakinga maji hayo katika chombo safi.

Kwa nini maji hayo ni safi? Kwa sababu kinachopanda ni mvuke wa maji peke yake. Chumvi haipandi. Tope halipandi. Vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo havipandi. Vyote hubaki chini.

Wapika chumvi wanalijua jambo hili tangu zamani. Huko Uvinza, katika Mkoa wa Kigoma, na huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu wamepika chumvi kwa karne nyingi. Walichota maji ya chumvi ya ardhini, wakayachemsha katika vyungu mpaka yakakauka. Mvuke ulikwenda zake hewani, chumvi ikabaki chunguni. Wao walitaka chumvi, wakauacha mvuke uende. Sisi tunataka mvuke, na chumvi tunaiacha. Kazi ni ileile, tofauti ni kile unachokitaka.

SANDUKU LINAFANYAJE KAZI?

Sanduku la jua lina sehemu nne. Kuna sakafu nyeusi inayoshika maji. Kuna kioo kilicholala mshazari juu yake. Kuna mfereji mdogo chini ya ukingo wa chini wa kioo. Na kuna bomba dogo linalotoa maji safi kutoka katika mfereji huo mpaka kwenye chombo kilicho nje.

Mwanga wa jua hupita katika kioo na kuipiga sakafu nyeusi. Rangi nyeusi hunywa joto la jua kuliko rangi nyingine, kama shati jeusi linavyochoma mgongoni saa sita mchana. Sakafu hupata joto na kuyapasha maji yaliyo juu yake. Maji hayachemki, lakini huwa ya moto wa kutosha kutoa mvuke mwingi. Mvuke hauwezi kutoka, kwa sababu sanduku limezibwa pande zote. Hupanda mpaka kwenye kioo. Kioo kinapigwa na hewa ya nje, kwa hiyo kina baridi kuliko maji. Mvuke hugeuka matone. Matone huungana, huteleza kwenye kioo kuelekea chini, na kuingia mferejini.

Usishangae ukikuta chombo kikavu saa tatu asubuhi. Sanduku linahitaji saa kadhaa ili lipate joto. Maji mengi hutoka kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana. Jua likizama matone huendelea kidogo, kwa sababu maji ya ndani bado yana joto na kioo kimeanza kupoa.

JINSI YA KULITENGENEZA

Tuchukue sanduku ambalo ndani lina mita moja kwa mita moja. Eneo hilo huitwa mita moja ya mraba. Ni kama hatua moja ndefu kwa hatua moja ndefu.

Tumia mbao kavu, ambazo kwetu Njombe si haba. Ukuta wa mbele uwe na kimo cha sentimita 10. Ukuta wa nyuma uwe na kimo cha sentimita 35. Kuta mbili za pembeni zikatwe mshazari, kutoka sentimita 35 hadi sentimita 10. Hivyo kioo kitainama vya kutosha ili matone yateleze. Kikilala sana, matone yataanguka tena katika maji machafu.

Chini ya sanduku weka tabaka nene la maranda ya mbao au majani makavu, kisha ubao juu yake. Hilo ni blanketi la sanduku. Bila blanketi hilo joto litaingia ardhini na kupotea. Juu ya ubao tandika plastiki nyeusi iliyo imara, isiyo na tundu. Kingo zake zipande ukutani ili maji yasivuje. Katika pembe moja ya chini weka tundu lenye kizibo la kutolea maji machafu.

Mfereji uufunge ndani ya ukuta wa mbele, juu ya usawa wa maji, chini kidogo ya ukingo wa kioo. Bati safi lisilo na kutu au bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu hufaa. Uinamishe kidogo upande mmoja, na upande huo utoboe ukuta na kupitisha bomba dogo la kutolea maji safi.

Kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 4 kinatosha. Kikate mita 1 na sentimita 10 kila upande, ili kilale juu ya kuta zote. Kizibe pande zote kwa silikoni ya mafundi wa vioo. Mahali popote panapopitisha mvuke pataiba maji yako.

Weka sanduku mahali pasipo kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Kioo kielekee kaskazini, kwa sababu kwetu jua la kiangazi hupita upande wa kaskazini. Sakafu iwe sawa kabisa, isiegemee upande mmoja.

Sasa mimina ndoo moja ya lita 20. Katika sanduku hili ndoo hiyo itafanya kina cha sentimita 2. Inatosha. Ukijaza maji mengi, jua litatumia siku nzima kuyapasha moto tu, na mvuke utachelewa.

Maji ya siku chache za mwanzo usiyanywe. Yatakuwa na harufu ya plastiki na silikoni. Yatumie kufulia au kumwagilia mche.

LINATOA MAJI KIASI GANI?

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo soma polepole.

Sanduku la mita moja ya mraba, likitengenezwa vizuri, hutoa kama lita 2 hadi 4 katika siku ya jua kali. Siku ya mawingu hutoa chini ya lita moja. Siku ya mvua na ukungu huenda ukapata kikombe tu.

Umemimina ndoo nzima asubuhi, na jioni umepata chupa mbili au tatu. Je, fundi amekosea? La. Ni tabia ya maji yenyewe.

Fanya jaribio hili jikoni. Weka lita moja ya maji baridi katika sufuria, juu ya moto usiobadilika. Tazama saa. Tuseme maji yamechemka baada ya dakika 10. Sasa acha sufuria wazi juu ya moto uleule, uone itachukua muda gani mpaka maji yakaribie kwisha. Utangoja kama saa moja au zaidi. Kuyageuza maji yote kuwa mvuke kunataka joto karibu mara saba ya joto la kuyafikisha kwenye mchemko. Hiyo ndiyo sababu kukeneka ni kazi ghali kuliko kuchemsha.

Jua nalo lina kipimo chake. Siku nzuri, jua linaloangukia mita moja ya mraba lina nguvu ya kugeuza kama lita 7 za maji kuwa mvuke, kama hakuna kinachopotea. Lakini vingi hupotea. Sehemu ya mwanga hurudishwa na kioo. Sehemu ya joto hutoka kwa kupitia kioo na kuta. Sehemu huzama chini. Baadhi ya matone hurudi majini. Kinachobaki kwa kazi yetu ni kama theluthi moja, au zaidi kidogo. Theluthi ya lita 7 ni lita 2 na kidogo. Fundi hodari anaweza kupunguza upotevu, lakini hawezi kuongeza jua.

Mfano mkubwa uko mbali, katika nchi ya Chile, Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 mhandisi Charles Wilson alijenga mtambo wa namna hii mahali panapoitwa Las Salinas, katika jangwa la Atakama. Palikuwa na machimbo, na maji ya hapo yalikuwa ya chumvi kali. Vioo vyake vilifunika zaidi ya mita za mraba 4,000. Huo ni ukubwa wa shamba la ekari moja, lote limefunikwa kwa vioo. Siku nzuri mtambo ulitoa zaidi ya lita 20,000, ukafanya kazi kwa miaka mingi. Sasa gawanya. Lita 20,000 kwa mita za mraba 4,000 ni lita 5 kwa kila mita. Na hapo ni jangwani, mahali ambapo mawingu ni haba mno. Kwetu sisi tusitarajie kufikia hapo.

HESABU YA FAMILIA MOJA

Tuseme Makambako kuna familia ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa kunywa tu, pamoja na maji kidogo ya uji, wanahitaji kama lita 15 kwa siku. Hatujahesabu kuoga, kufua wala kuosha vyombo.

Mwezi wa Oktoba jua ni kali. Tuseme kila sanduku linatoa lita 3. Lita 15 zigawanywe kwa lita 3, wanahitaji masanduku 5.

Mwezi wa Januari kuna mvua na mawingu. Tuseme kila sanduku linatoa lita moja na nusu. Lita 15 zigawanywe kwa lita moja na nusu, wanahitaji masanduku 10.

Masanduku 10 ni vioo 10 vikubwa. Kioo kimoja kikipigwa jiwe na mtoto, familia imepoteza sehemu ya kumi ya maji yake. Kila asubuhi mtu ajaze masanduku 10, na kila wiki ayaoshe yote.

Sasa tupande Kitulo. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kuna baridi, ukungu na mvua nyingi. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,000. Maana yake ni kwamba kila mita moja ya mraba ya bati huangukiwa na zaidi ya lita 1,000 za maji kwa mwaka. Sanduku la jua la ukubwa huohuo, likitoa lita 2 kila siku bila kukosa, litatoa lita 730 kwa mwaka. Na kwa mawingu ya Kitulo halitafika hapo.

Umeona? Kwa mtu wa Kitulo, kipande cha bati chenye mfereji kitampa maji mengi kuliko kioo cha ukubwa uleule. Na nyumba haina kipande kimoja cha bati. Bati la mita 6 kwa mita 5 ni mita za mraba 30. Mvua moja ya milimita 10 huliangushia lita 300.

KWETU TATIZO NI LIPI?

Uwanda wa Kitulo ni chanzo cha vijito vingi vinavyoingia katika Mto Ruaha Mkuu. Maji yake si ya chumvi. Tatizo letu nyanda za juu ni uchafu unaoingia baadaye: ng'ombe wananywa na kukanyaga kijito, choo kimechimbwa juu ya chemchemi, ndoo imeachwa wazi. Uchafu huo huleta vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo.

Kuua vijidudu hakuhitaji kukeneka. Kuchemsha kunatosha, na kunataka joto kidogo kuliko kukeneka, kama tulivyoona kwenye sufuria. Lakini kumbuka jambo moja. Mahali pa juu sana maji huchemka kabla hayajawa na joto kama la pwani. Kwa hiyo mtu wa Kitulo asiipue sufuria mara tu anapoona mapovu. Ayaache yachemke sana kwa dakika 3.

Kama kuni ni taabu, jua linaweza kukusaidia kwa njia nyingine. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ioshe, itoe karatasi, ijaze maji yasiyo na tope, uifunge. Ilaze juu ya bati juani kwa saa sita. Kama mawingu yamefunika nusu ya anga au zaidi, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua ya kutwa njia hii haifai, chemsha. Hapa mwanga wa jua wenyewe ndio unaoua vijidudu. Mvuke hauhitajiki. Chupa tatu za lita 2 hukupa lita 6 kwa siku ya jua, nazo hazigharimu kama kioo kimoja. Ila chupa haiondoi chumvi hata chembe.

NANI BASI ANAHITAJI SANDUKU LA JUA?

Anayelihitaji ni yule ambaye maji yake yana kitu kisichouawa kwa moto.

Wa kwanza ni mwenye maji ya chumvi. Ndugu zetu wengi wanaishi au wanafanya biashara Dodoma, Singida na pwani. Huko kuna visima vyenye maji ya chumvi. Ukiyachemsha, chumvi haiondoki. Tena inazidi, kwa sababu maji yamepungua na chumvi ni ileile.

Wa pili ni mwenye maji yenye floraidi nyingi. Floraidi ni madini yasiyoonekana wala kunusika. Katika sehemu za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, karibu na milima ya volkano, maji huwa nayo nyingi. Mtoto akiyanywa tangu udogoni, meno yake huota yakiwa na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kuuma. Kuchemsha hakusaidii. Kukeneka kunasaidia, kwa sababu floraidi hubaki chini pamoja na chumvi.

Hata huko, mwenye busara haanzi na sanduku. Anauliza kwanza: Je, kuna kisima kingine chenye maji baridi? Je, naweza kukinga mvua na kuiweka katika tangi? Mvua haina chumvi wala floraidi ya ardhini. Kama mvua ni haba na kisima kingine hakuna, ndipo sanduku moja au mawili yana maana. Maji yake yawe ya kunywa tu. Wa kwanza kupewa wawe watoto wadogo ambao meno yao bado yanaota. Maji ya kisima yatumike kuoga na kufua.

Kuna matumizi mengine kwa watu wa Makambako, ambako malori mengi hupita. Betri za magari, na betri za umeme wa jua zile zinazoongezwa maji, zinataka maji yasiyo na chumvi yoyote. Betri hunywa kidogo. Kwa kazi hiyo lita 2 kwa siku ni nyingi.

MAJI USIYOYAAMINI HATA YAKIKENEKWA

Tulisema kinachopanda ni mvuke wa maji peke yake. Hiyo ni kweli kwa chumvi, tope na vijidudu. Si kweli kwa vitu vinavyogeuka mvuke upesi.

Wapikaji wa ile pombe haramu ya gongo wanalijua hilo. Kileo hupanda pamoja na mvuke, hupita katika bomba, na kutoka upande wa pili kikiwa kikali zaidi. Petroli na mafuta ya taa hufanya hivyohivyo. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu pia. Kwa hiyo maji ya shimo linalooshewa mabomba ya kunyunyizia viazi usiyatie katika sanduku ukidhani jua litayasafisha. Wala usikinge maji safi katika dumu lililowahi kuwa na dawa ya shamba au mafuta. Sanduku haliwezi kukuokoa hapo. Tafuta maji mengine.

SANDUKU LIKIHARIBIKA UTAJUAJE?

Maji yamepungua bila sababu. Asubuhi mapema pitisha kidole kwenye kingo za kioo kwa nje. Ukiona unyevu au mstari wa matone mahali pamoja, hapo mvuke unatoka. Paziba tena.

Matone yamekaa juu ya kioo hayateleza. Kioo kina mafuta kwa ndani. Kifungue, kioshe kwa sabuni na usuuze vizuri. Kioo safi huwa na utando mwembamba wa maji unaoteleza wote.

Sakafu imekuwa nyeupe. Ni chumvi iliyoganda. Weupe hurudisha mwanga, na mvuke hupungua. Ndiyo maana maji ya ndani hayatakiwi kukauka. Kila asubuhi ongeza kiasi kilichopungua. Kila wiki toa maji yote ya chumvi na kuosha sakafu. Kama maji yako ni ya chumvi sana, osha mara mbili kwa wiki.

Maji safi yana ladha ya chumvi. Huenda maji machafu yaliruka mferejini ulipokuwa unajaza, au sakafu haikulala sawa na maji yamefika mferejini. Ili kuhakikisha, dondosha tone moja la maji hayo juu ya kipande cha kioo safi. Pembeni dondosha tone la maji ya kisima. Acha yakauke juani. Tone la kisima litaacha duara jeupe. Tone lililokenekwa vizuri halitaacha alama. Likiacha alama, tafuta kosa kabla ya kunywa.

Jambo la mwisho ni chombo cha kukingia. Maji yaliyokenekwa hayana dawa ndani yake. Mdudu akiingia, au mkono mchafu ukichota, yatachafuka kama maji mengine. Funika mdomo wa chombo kwa kitambaa safi. Mimina, usichovye kikombe. Na usijali yakikosa ladha. Hayo ni maji yasiyo na chumvi, na chumvi ambayo mwili unahitaji utaipata katika chakula.

JIKUMBUSHE

Sanduku la jua huondoa chumvi, floraidi, tope na vijidudu.
Mita moja ya mraba hutoa lita 2 hadi 4 siku ya jua kali, na chini ya lita moja siku ya mawingu.
Haliondoi petroli, mafuta ya taa wala baadhi ya dawa za shamba.
Penye maji baridi yenye vijidudu, chemsha.
Penye mvua nyingi, kinga maji ya bati.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kuchemsha maji ya chumvi kunayazidisha chumvi?
2. Zahanati ya kijiji inataka lita 12 za maji yaliyokenekwa kila siku. Sanduku moja hutoa lita 2. Yanahitajika masanduku mangapi? Na siku ya mawingu itakuwaje?
3. Pima urefu na upana wa bati la nyumba yako. Mvua ya milimita 10 italiangushia lita ngapi?
4. Katika kijiji chenu maji yana tatizo gani: chumvi, tope au vijidudu? Kwa tatizo hilo mtatumia njia ipi, na kwa nini?